Barua ya Fundi kwa Meneja: Kwa Nini Kompresa na Limita Vitangulie Transmita

Kwa Bwana Meneja, mwenye taadhima,

Nimekaa siku kadha nikilitafakari swali uliloliuliza katika kikao cha kamati, ambalo sikulijibu vilivyo, kwa kuwa muda ulikuwa mfinyu na mimi si mwepesi wa kusema mbele ya hadhara. Uliuliza hivi: ikiwa fedha tulizo nazo zatosha kununua kitu kimoja tu, fundi ana hoja gani kuomba kisanduku cha kompresa na limita, badala ya kuiondoa transmita yetu ya wati 100 na kuweka nyingine ya wati 300? Mjumbe mmoja akaongeza, sote tukacheka, kwamba kompresa aijuayo yeye ni ile ya friji na ile ya kujazia upepo magurudumu. Kicheko kile hakikuniudhi. Kilinionesha tu kwamba nimeomba kitu bila ya kukieleza, na aombaye bila ya kueleza hana haki ya kulaumu akinyimwa.

Nianze na nafasi tuliyopewa, maana yote yatakayofuata yanatoka humo. Katika matangazo ya FM sauti haiongezi wala haipunguzi nguvu ya mawimbi yatokayo kwenye antena; kazi yake ni kuyayumbisha masafa, yaende juu na chini ya mahali pake pa asili, na kadiri sauti inavyokuwa kubwa ndivyo mayumbo yanavyokuwa mapana. Upana huo, ambao sisi mafundi twauita mchepuko, una mpaka: kwa kipimo kilichopendekezwa na Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, nacho ndicho tunachokifuata, usizidi kilohezi 75 kila upande. Mwaka 1922 mhandisi wa Kimarekani, John Carson, alitoa kanuni rahisi ya kukadiria nafasi ambayo matangazo ya namna hii huichukua hewani: jumlisha mchepuko na sauti nyembamba kuliko zote unayoipeleka, kisha zidisha kwa mbili. Sauti yetu hufika kilohezi 15. Basi 75 na 15 ni 90, na mara mbili yake ni 180. Stesheni ya wilaya ya pili iko umbali wa kilohezi 200 kutoka masafa yetu. Sisi tukiishia 90 upande wake, na yeye akiishia 90 upande wetu, hubaki baina yetu ujia wa kilohezi 20, nao ndio amani yetu. Lau kicheko kimoja cha mtangazaji kitausukuma mchepuko hadi 150, hesabu ile ile yatupeleka kilohezi 165 upande wa jirani, ilhali mpaka wake waanzia 110. Hapo tumeingia uani kwake bila ya kubisha hodi.

Basi waweza kusema, Bwana Meneja, kwamba dawa ni kupunguza sauti ili tusivuke mpaka. Dawa hiyo ndiyo tuliyoitumia miaka yote, nayo ndiyo iliyonifanya niombe kisanduku. Mwezi uliopita, siku ya kipindi cha wavuvi, nilimwachia kijana wetu zamu ya studio, nikatwaa baiskeli na redio ndogo ya betri, nikaenda hadi kitongoji cha mwisho kinachotupata. Nikakaa chini ya mwembe karibu na bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili, naye ana redio yake ya mkononi pembeni. Studioni alikuwapo yule mzee anayezijua nyota na pepo, akieleza namna ya kuutambua mwisho wa kusi. Unaijua desturi yake, husema polepole, hujitenga na maikrofoni kila anapotaka kukumbuka jambo. Chini ya mwembe ule sauti yake ilikuwa imezama ndani ya mvumo wa shwaa usiokatika, neno moja lasikika na mawili yanapotea. Bibi akanigeukia akasema, “Mwanangu, huyo mzee mmemtia mtungini?” Kabla sijamjibu, vijana waliokuwa naye studioni wakaangua kicheko, na redio zetu zote mbili zikakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Nikasogeza masafa hadi kwa jirani: katikati ya kipindi chao nikaisikia mikwaruzo ya kicheko chetu, haina maneno, ila yaenda sambamba na pumzi za wale vijana.

Katika dakika ile moja mlikuwa na maradhi mawili yanayoonekana kupingana, kwamba sauti yetu ni ndogo mno na kwamba sauti yetu ni kubwa mno, na kwa hakika ni maradhi mamoja. Ile shwaa haitoki studioni. Hutokea ndani ya redio ya msikilizaji pale mawimbi yanapomfikia yamedhoofika, na kimo chake hakijali nani anasema studioni. Kwa hiyo njia ya kumtoa mzee mtungini, nguvu ya mawimbi ikiwa ni ile ile, ni kuufanya mchepuko wa sauti yake uwe mrefu kuliko kimo cha shwaa. Lakini feda za mikisa tumeziweka kwa kuogopa kicheko, na maadamu kicheko ndicho kinachoshika mpaka, mzee hana budi kubaki chini.

Niliporudi niliipitia rekodi ya kipindi kile na kukipima. Nitakiita kicheko cha kawaida sifuri, maana ndicho kinachofikisha kilohezi 75 hasa; kile cha vijana kilivuka hapo. Mtangazaji katika maongezi ya kawaida alikuwa desibeli 10 chini ya hapo, na mzee desibeli 20 chini. Desibeli 20 ni tafauti ya mara kumi. Maana yake mzee alipewa mchepuko wa kilohezi 7 na nusu, katika uwanja wenye nafasi ya 75. Tisa katika kumi za uwanja zilikuwa tupu alipokuwa akisema jambo ambalo wavuvi waliliwashia redio.

Kompresa ni mkono unaozisogeza sauti hizi zikaribiane. Una kizingiti, na chini ya kizingiti hicho hauigusi sauti. Inapokivuka, huruhusu sehemu tu ya ile ziada ipite, kwa uwiano uliopangiwa. Tukiweka kizingiti desibeli 24 chini ya mpaka, na uwiano wa tatu kwa moja, mzee aliyekivuka kizingiti kwa desibeli 4 atatoka amekivuka kwa 1 na theluthi, na kicheko kilichokivuka kwa 24 kitatoka kimekivuka kwa 8 tu. Tafauti baina yao, iliyokuwa desibeli 20, sasa haifiki 7. Vyote viwili vimeshuka, lakini kicheko kimeshuka sana na mzee kidogo, kwa hiyo pamepatikana nafasi juu, nasi twaweza kuvinyanyua vyote pamoja kwa desibeli 12. Mzee hukaa takriban desibeli 10 na theluthi mbili chini ya mpaka, na mchepuko wake huwa karibu kilohezi 22, takriban mara tatu ya ule wa kwanza. Kicheko, baada ya kutulizwa, hukaa desibeli 4 chini ya mpaka.

Hapa ndipo watu wengi husimama, wakanunua kompresa peke yake, na natija yake huwa mbaya kuliko hali ya mwanzo. Sababu ni kwamba kompresa haishiki mara moja. Kwa makusudi huipa sauti muda kidogo kabla ya kuibana, yapata sehemu 15 katika elfu moja za sekunde, kwani ikishika upesi kuliko hapo huyabana maneno hata yakakosa ukali wa herufi zake. Katika muda huo mfupi, mlio wa kwanza wa kicheko hupita haujabanwa, ilhali ile nyongeza ya desibeli 12 tuliyompa mzee ipo pale pale nacho kinaipata. Desibeli 12 ni mara nne. Mlio ule, uliokuwa ukistahili kilohezi 75, sasa wadai 300. Hata kama ni kwa kupepesa jicho, jirani atausikia, na redio ya bibi chini ya mwembe, ambayo mlango wake wa kupokea ni mwembamba, itaugeuza kuwa mkwaruzo.

Kwa hiyo nyuma ya kompresa lazima iwepo limita. Limita nayo ni ya jamii ile ile, ila tabia yake ni nyingine: hushika kwa muda usiofika sehemu moja katika elfu ya sekunde, na sauti ikifika mpaka hairuhusu ziada, hata kidogo. Wazee wetu walipopima nafaka kwa pishi ya mfuto walihitaji mikono miwili: mmoja wa kumimina kwa uangalifu, na mwingine wa kupitisha kijiti juu ya mdomo wa pishi ili kilichozidi kianguke. Kompresa ndiyo mmiminaji, limita ndiyo kijiti. Na wala tusifikiri kwamba kijiti pekee chatosha. Tungeondoa kompresa tukamnyanyua mzee kwa kuisukuma limita, kicheko chote, si mlio wake wa kwanza tu, kingesuguana na mpaka kwa desibeli 12 mfululizo, na sauti iliyosagwa hivyo humchosha msikilizaji hata akazima redio bila ya kujua kilichomuudhi. Limita yafaa ifanye kazi kwa mapigo mafupi, nayo itaweza hivyo iwapo tu kompresa imeshamaliza kazi nzito.

Sasa nije kwenye neno “vitangulie”, maana mjumbe mwingine aliuliza mbona visiwekwe baada ya transmita, pale kwenye mnara, mithili ya kichujio. Sauti huwa sauti hadi inapoingia transmita. Ikishaingia, imegeuka kuwa mayumbo ya masafa, na nguvu ya mawimbi yenyewe haibadiliki, awe anasema mzee au wanacheka vijana. Huko nje hakuna kimo cha sauti cha kubanwa. Kichujio kilichopo huko huzuia mawimbi ya ziada yaliyo mbali, kama yale ya maradufu ya masafa yetu, lakini hakiwezi kuurudisha mchepuko uliokwisha kuvuka. Tena visiwekwe mapema mno, mathalani kwenye maikrofoni ya mtangazaji peke yake, maana sauti zetu zatoka njia nyingi: maikrofoni tatu, kompyuta ya miziki, simu ya wasikilizaji, na redio ya mkononi tunayounganisha siku za mkutano wa hadhara. Zote hukutana mikisani na kutoka kwa njia moja. Baina ya mkutano huo na mlango wa transmita ndipo mahali pa kisanduku.

Kuna jambo jingine lililojificha mlangoni pale pale, nalo ndilo lililonifanya nisikubali limita ya kawaida ya ukumbi wa muziki tuliyotaka kupewa kwa hisani. Kila transmita ya FM huzinyanyua sauti nyembamba kabla ya kuzirusha, na kila redio huzishusha kwa kadiri ile ile, ili shwaa ishuke pamoja nazo. Katika upande wetu wa dunia kipimo cha mwinuo huo ni maikrosekunde 50, na maana yake ni kwamba kuanzia yapata hezi 3000 sauti huanza kupanda, hata kufika hezi 10,000 imenyanyuliwa kwa desibeli 10 na zaidi, yaani zaidi ya mara tatu. Lugha yetu ina herufi s kwa wingi, na herufi hiyo hukaa huko juu. Mtangazaji anaposema “sisi wasikilizaji wa asubuhi”, sindano ya mikisa yaweza kutulia ilhali mchepuko umeshavuka mpaka, kwa kuwa sindano yatazama sauti kabla ya mwinuo. Limita ya ukumbi nayo ingedanganyika vivyo hivyo. Tunayoihitaji ni ile iliyotengenezwa kwa matangazo, ambayo hufanya mwinuo wenyewe kwanza na kubana baadaye. Na siku ya kuifunga, swichi ya mwinuo iliyo ndani ya transmita lazima izimwe. Ikisahauliwa, mwinuo utakuwa mara mbili, na kila s itatoboa sikio. Ukizimwa kote kuwili, sauti itakuwa nzito kana kwamba mtangazaji amefunikwa blanketi. Dalili hizo mbili hata mlinzi wa lango aweza kuzitambua kwa redio yake.

Najua zipo hoja za kupinga, na insafu yanitaka nizitaje. Ya kwanza ni kwamba transmita yetu tayari ina kizuizi ndani yake. Ni kweli, na nisingependa kiondolewe. Lakini kazi yake ni kukata vichwa vya sauti kwa panga, na sauti iliyokatwa vichwa hutoa mikwaruzo yake yenyewe. Ya pili ni kwamba fundi mwenye mkono mwema juu ya feda aweza kufanya kazi ya kompresa. Kwa kipindi kilichoandikwa naweza, maana najua sauti ipi inakuja. Kwa kicheko siwezi, kwa sababu hadi sikio lisikie na kidole kishuke, robo ya sekunde imeshapita. Ya tatu ni ile programu ya bure ndani ya kompyuta, nayo ni nzuri kwa miziki iliyomo kompyutani, ila mzee wa nyota na pepo hapiti humo.

Hata hivyo hoja nzito kuliko zote ni yako, ya wati 300. Kuzidisha nguvu mara tatu ni sawa na kuishusha shwaa kwa desibeli takriban 5, kwa kila sauti. Kompresa, katika mfano tulioupima, ilimnyanyua mzee kwa desibeli 9 na theluthi, na ili kupata faida hiyo kwa nguvu pekee tungehitaji zaidi ya wati 850, pamoja na mafuta ya jenereta ya kuzilisha. Fauka ya hayo, wati 300 zisizo na limita zingeupeleka mkwaruzo wetu kwa jirani ukiwa na nguvu mara tatu. Lakini sitaki kukuuzia mbuzi ndani ya gunia. Pale ambapo mawimbi yameisha kabisa, nyuma ya vile vilima ambako redio hupata shwaa tupu hata kijana akipiga kelele, kompresa haitafika. Huko pataka nguvu au mnara mrefu zaidi, na siku fedha zikipatikana nitakuwa wa kwanza kuziomba. Aidha, kinachonyanyuliwa hakichagui. Mtangazaji akinyamaza, ile nyongeza ya desibeli 12 itamnyanyulia msikilizaji feni ya studio, na jogoo wa jirani, na mngurumo wa jenereta, kisha akianza kusema vyote vitazama kwa ghafula, na sauti itakuwa kama ya mtu anayehema. Hiyo ndiyo dalili ya kompresa iliyobanwa kupita kiasi au inayoachia upesi mno. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kuziba dirisha la nyuma, kazi ya seremala wa siku moja.

Kwa utaratibu wa kufunga, nitapeleka kwanza mlio mmoja wa hezi 400, ambao mwinuo hauugusi kwa kadiri ya kujali, kompresa ikiwa imezimwa na limita imesukumwa hadi isiongeze. Kisha nitafungua mlango wa transmita polepole hadi kipimo cha mchepuko kisome kilohezi 72, nikibakisha tatu za akiba, na kifundo hicho kitatiwa utepe kisiguswe tena. Ndipo nitakapowasha kompresa, mtangazaji asome habari, nami nitapanga kizingiti mpaka taa za upunguzaji zicheze baina ya desibeli 6 na 10, na muda wa kuachia uwe nusu ya sekunde kwa kuanzia. Mwisho nitamwomba acheke. Taa za limita zikimulika na kuzimika, tumefika. Zikiwaka mfululizo, nimekosea, nami nitaanza upya.

Naomba kisanduku kifungwe ndani ya kabati yenye kufuli, na ufunguo ukae kwako, si kwangu, maana vijana wetu wa vipindi vya muziki hupenda sauti kubwa, nami huwa siwezi kuwanyima kitu wakiniomba mara tatu. Baada ya kazi kukamilika nitatwaa baiskeli niende tena chini ya mwembe ule, siku ya kipindi cha wavuvi, na jibu la bibi nitakuletea kama atakavyolisema.

Wasalaam,
Mimi mtiifu wako,
Fundi mitambo wa stesheni